Barua kwa mwanangu: Mambo 19 nyuma ya kaunta

"Mama shikamoo. Kwenye semina ya wajasiriamali walitufundisha SWOT, nami nikajaza jedwali la duka: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Nimepata mambo 19, nimeyabandika nyuma ya kaunta. Hii ni wiki ya tatu nayasoma tu, sijui lipi nilifanye kwanza. Wewe umeyaona mengi ya namna hii kazini. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Picha ya jedwali nimeipata, pamoja na zile kurasa za daftari la mauzo na la madeni nilizokuomba. Nimekaa nazo siku mbili.

Anza kwa kufuta. Katika ile miaka niliyokuwa afisa mikopo wa SACCOS nilisoma majedwali haya kwa mamia, na karibu yote yalikuwa na maneno yale yale: huduma nzuri, mtaji mdogo, idadi ya watu inaongezeka, ushindani. Wala si tabia ya wenye maduka madogo peke yao. Mwaka 1997 watafiti wawili, Hill na Westbrook, walieleza walichokikuta kwenye kampuni zaidi ya 20 za Uingereza zilizofanya SWOT: orodha ndefu, maneno ya jumla, na hakuna aliyeyatumia matokeo yake katika hatua zilizofuata. Wakati mmoja nilipitisha mkopo wa mwenye duka la vinywaji aliyekuwa na jedwali safi kabisa. Alinunua jokofu la pili. Hakuna popote kwenye lile jedwali palipoonyesha kwamba jokofu ndilo lililokuwa linamkwamisha, nami sikumuuliza. Alihangaika na marejesho mwaka mzima, na mpaka leo naona sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Kwa hiyo kila mstari uulize maswali mawili. La kwanza: je, duka la jirani lingeweza kuandika hivi hivi? Kama lingeweza, futa. "Huduma nzuri" inaondoka hapo. Lakini "nafungua saa 12 asubuhi, wenzangu wote wa mtaa wanafungua saa 2" inabaki, kwa sababu ni yako na inaweza kuhesabiwa. La pili: jambo hili lingekuwepo hata kama duka langu lingefungwa kesho? Likiwa lingekuwepo, liko nje yako, ni fursa au kitisho. Likiwa lingeondoka na duka, ni nguvu au udhaifu. Chini ya fursa umeandika "kufungua tawi la pili". Hiyo si fursa, hayo ni maamuzi yako, na maamuzi hayaingii kwenye jedwali kabla jedwali halijasema kitu.

Baada ya kufuta nimebakiwa na mambo matano. Kwenye nguvu, kufungua mapema na kuuza vya kupima. Kwenye udhaifu, madeni ya wateja. Kwenye fursa, ile hosteli ya wanafunzi wa chuo iliyofunguliwa nyuma yenu. Kwenye vitisho, supamaketi ndogo inayojengwa karibu na stendi ya daladala, ambayo unasema itafunguliwa mwezi wa saba.

Utauliza "mtaji mdogo" umekwenda wapi. Hapa nikae kidogo, maana najua umeshaanza kuulizia mkopo. Daftari lako la madeni lina shilingi 640,000. Nimezigawa kwa umri wa deni: 210,000 hazijafikisha mwezi, 150,000 zina kati ya mwezi mmoja na mitatu, na 280,000 zimepita miezi mitatu. Hizo za mwisho zihesabu kama zimepotea. Ikirudi yoyote, mshukuru Mungu. Zinabaki 360,000 ambazo bado zinadaika.

Sasa tazama upande wa mauzo. Unauza wastani wa 180,000 kwa siku, yaani 5,400,000 kwa mwezi, na faida kabla ya pango, umeme na matumizi mengine ni kama 600,000. Bidhaa zilizo dukani ukizihesabu kwa bei ya kununulia ni kama 2,400,000. Maana yake kila shilingi iliyo kwenye bidhaa inakuletea robo yake kila mwezi. Zile 360,000 zikirudi zikawa bidhaa zinazotoka, zina uwezo wa kuleta kama 90,000 kwa mwezi, bila riba na bila mdhamini. Udhaifu wako haukuwa mtaji mdogo. Mtaji upo, umekaa majumbani kwa watu.

Ila hesabu hiyo ina sharti moja. Itasimama kama kweli kuna bidhaa wateja wanaulizia na hawazipati. Kama rafu zimejaa vinavyotakiwa, kuongeza mzigo hakutaongeza mauzo, kutaongeza vumbi tu. Weka karatasi karibu na mzani, na kila mteja akiuliza kitu kisichokuwepo, andika. Wiki mbili zitatosha kukuonyesha.

Hatua inayofuata ndiyo waliyoiruka kwenye semina yenu, na ndiyo inayoigeuza orodha kuwa kazi. Tulifundishwa Chuo cha Ushirika Moshi, nayo ilitoka kwa msomi wa menejimenti, Heinz Weihrich, aliyeiandika mwaka 1982: usisome safu moja moja kwenda chini, zikutanishe. Chukua kila jambo la nje, ulikutanishe na kila jambo la ndani, uulize, hili likikutana na lile, kinatokea nini dukani kwangu? Makutano mengine hayatasema kitu, yaache. Machache yatasema kwa sauti.

Nilianza na hosteli, kwa sababu hata mimi niliipenda. Unafungua saa 12, wanafunzi wanatoka mapema, wanataka mkate, mayai na sukari ya chai, na wanalipa taslimu au kwa simu. Nguvu imekutana na fursa vizuri kabisa. Kisha nikatazama kalenda. Chuo kinafunga mwezi wa saba na kufungua wa kumi, na supamaketi inafunguliwa mwezi huo huo wa saba. Fursa yako inaondoka mlangoni wakati kitisho kinaingia. Ukitia fedha huko sasa, zitakuwa zimekwama kwenye bidhaa za wanafunzi katika miezi ile ile utakayozihitaji zaidi. Kwa hiyo hosteli isubiri Oktoba. Kwa sasa leta trei mbili za mayai kwa wiki, uone yanaisha siku ngapi, uandike. Basi.

Sasa supamaketi. "Ushindani" ulivyouandika hauna la kufanya, lakini ukiuvunja unapata. Vitu vitakavyoguswa ni vya pakiti na chupa: sabuni ya unga, mafuta ya chupa, tambi, biskuti, juisi. Kwenye daftari lako hivyo ni kama 70,000 kwa siku. Tuseme watachukua nusu, 35,000. Faida yako hapo ni kama shilingi 10 katika kila 100, kwa hiyo unapoteza 3,500 kwa siku, au 105,000 kwa mwezi. Inauma, lakini haifungi duka. Na kushindana nao kwa bei ya vitu hivyo usijaribu, wao wananunua kwa katoni nyingi kuliko wewe.

Wasichofanya ni kupima. Mama anayerudi na 750 mkononi akitaka robo ya sukari hana cha kununua kwenye rafu zao. Mfuko wa kilo 50 unaupata kwa 130,000. Ukiuuza kwa kilo, kwa 2,800, unabaki na 10,000. Ukiuuza kwa robo, kwa 750, unapata 150,000, yaani 20,000 juu. Toa kama kilo moja inayopotea kwenye kupimapima, toa na vifungashio, zinabaki kama 15,000. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mafuta ya kupima, mchele na maharage. Sikudanganyi kwamba itaziba zile 105,000 zote. Lakini anayenunua robo anarudi kesho, na kila akirudi anachukua na kiberiti au nyanya. Jambo moja tu: mzani uwe umehakikiwa na una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Mteja wa robo akihisi amepunjwa mara moja tu, mtaa mzima utasikia kabla ya magharibi.

Umeona jinsi madeni na kupima vinavyoshikana. Fedha za madeni ndizo zitakazonunua mifuko na madumu. Ndiyo maana madeni yawe ya kwanza, japo ndiyo kazi usiyoipenda. Kuanzia Jumatatu, asikopeshwe mtu mwenye deni la zaidi ya mwezi mmoja, na kaya yoyote isizidi 10,000. Yale ya 360,000 mgawane na mumeo: yeye awafuate rafiki zake, wewe majirani. Lengo liwe 200,000 mkononi kufikia mwisho wa mwezi wa sita. Nimeona jina la wifi yako limo. Usimtumie ujumbe wa simu. Nenda kwake, ukae, unywe chai, umwambie duka linajiandaa kwa mwezi wa saba, mpange alipe kidogo kidogo. Asipolipa, undugu ubaki, mkopo usirudi.

Kupima kwa robo kuanze wiki ya pili ya mwezi wa sita, kwa sukari na mafuta peke yake. Ukiona ifikapo mwisho wa mwezi mfuko wa sukari unachukua siku nyingi kuisha kuliko zamani, bei ya robo imekuwa kubwa, ishushe hadi 720. Na ukiona madeni yamepungua lakini mauzo ya siku yameanguka chini ya 160,000 kwa wiki mbili mfululizo, umebana mno. Wale wanaolipa kila mwisho wa mwezi bila kukosa walegezee.

Hayo ndiyo mawili ya kufanya, na la tatu la kujaribu kwa trei za mayai. Mengine yote, rangi ya duka, bango jipya, tawi, yaandike nyuma ya karatasi uyatazame tena Oktoba. Lile jedwali libandue. Mahali pake weka karatasi yenye mistari hii mitatu, na mbele ya kila mstari jina la anayefanya, tarehe na tarakimu.

Nimeagiza mbege ya harusi ya binti wa shangazi yako, kwa hiyo wiki hii nitakuwa na pilikapilika, lakini Jumapili jioni nitakuwa nyumbani. Nitumie picha ya karatasi ya vitu vinavyoulizwa na kukosekana, hata kama itakuwa na mistari mitano tu. Msalimie mumeo, na umbusu mjukuu wangu.

Mama yako, Moshi