Msimu wa wiki 12 kwa mita 800

"Nina wiki 12 kabla ya mashindano. Mwaka jana wanafunzi wangu wa mita 800 waling'ara mazoezini, siku yenyewe wakaishiwa pumzi. Nigaweje muda?"

Pole sana mwalimu, hilo limenipata pia. Hesabu kuanzia siku ya mashindano ukirudi nyuma: wiki 1 ya kupunguza mzigo, 2 za kunoa kasi, 4 za kujenga, na 5 za mwanzo za msingi, yaani mbio ndefu za taratibu ambazo mtoto anaweza kukimbia huku akiongea.

Nadhani kwenu tatizo liko mwishoni. Wengi wetu hukaza zaidi wiki ya mwisho, na uchovu unaingia nao uwanjani. Punguza wingi karibu nusu, lakini kasi usiiguse. Mwanafunzi aliyezoea mita 400 mara 6 kwa sekunde 72, mpe mara 3 kwa sekunde hizo hizo, na mapumziko marefu kidogo. Siku za mazoezi zibaki zile zile. Akilala tu wiki nzima, miguu inakuwa mizito.

Utajua hajapumzika vya kutosha ukiona sekunde 72 zinamtoa jasho kuliko wiki mbili zilizopita, au analala vibaya.

Akilalamika maumivu ya mfupa wa muundi, mguse. Kama yako sehemu moja ndogo na akiruka kwa mguu huo yanazidi, msimamishe na umpeleke kwa daktari. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.