Karafuu Zangu Ziligeuka Thomu: Jinsi Ninavyopanga Prompti ya Video Sasa

Juzi usiku kijana mmoja wa Wete kanitumia prompti yake ya video, yaani maelezo anayoiandikia programu ya akili mnemba imtengenezee klipu, mistari kumi na mbili. Anataka ngalawa iondoke pwani, ami yake arushe wavu, samaki waruke, jua lizame, na kamera ipae juu kama ndege. "Kaka, nimeandika kila kitu, mbona inatoka vurugu?" Nilipoisoma nilijiona mwenyewe mwaka uliopita, na nikaona nimjibu hapa ili na wengine wanaohangaika kama yeye wasome.

Mwaka huo nilipata kazi ya mama mmoja mwenye duka la viungo hapa mjini, mzaliwa wa Pemba. Alitaka video fupi ya kuonesha karafuu zinavyoanikwa kwao. Nikafungua programu, nikaandika kwa haraka kwamba mwanamke mzuri wa Kiafrika anaanika karafuu saa mbili asubuhi, kijijini, mandhari ya kuvutia, kama sinema. Naandika kwa Kiingereza kwa sababu programu ninayoitumia hunielewa zaidi hivyo. Klipu ikatoka, nikaiona inang'aa, nikampelekea bila kuitazama mara ya pili.

Aliifungua mbele ya wateja wake. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, kwetu Pemba hatuaniki thomu. Na karafuu gani hizi zinaanikwa usiku?"

Maneno yale bado yananichoma. Kwani alikuwa na haki. Neno `cloves` nililoliacha peke yake linaweza kuwa karafuu, linaweza kuwa punje za thomu, na programu ikachagua thomu. Saa mbili yetu ya asubuhi niliihamisha neno kwa neno, ikawa `two o'clock in the morning`, yaani saa nane za usiku. Mwezi ulikuwa unawaka juu ya jamvi la thomu. Nikajaribu kuokoa kwa kuongeza `no garlic`. Thomu zikazidi! Ukishakitaja kitu, mara nyingi programu hukileta hata ukiwa umekikataa. Tangu siku ile naandika ninachotaka kukiona, sitaji nisichokitaka.

Ndipo nilipoanza kuandika kwa mpangilio mmoja, na siuachi: mhusika, tendo, kamera, mwanga, mtindo, muda. Kila sehemu sentensi moja, mbili zikizidi sana. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba klipu ikiharibika najua sentensi gani niiguse. Zamani nilikuwa nafuta yote na kuanza upya, na salio likiisha bila kujua kosa lilikuwa wapi.

Prompti iliyonipa klipu aliyoikubali yule mama ni hii:

```
A Pemba woman in her fifties, in a red and black
printed kanga, kneels beside a woven palm mat covered
with small green and reddish clove flower buds.
She scatters one handful of buds, then spreads them
with her right palm.
Medium shot, low angle, static camera.
Clear 8 a.m. sunlight from the left, long soft shadows.
Documentary style, natural colours.
One continuous 8-second shot.
```

Mhusika anatangulia kwa sababu yote yanayofuata yanamtegemea yeye. Sikusema "mwanamke mzuri", kwani neno hilo lilinipa wasichana wenye nyuso za matangazo ya vipodozi. Nimesema umri, kanga na rangi zake, na jamvi. Karafuu nimezieleza kwa umbo na rangi: vitumba vidogo vya maua, kijani na wekundu kidogo, maana ndivyo zinavyokuwa zikiwa mbichi. Zile nyeusi za dukani zimeshapigwa na jua siku kadhaa. Ukionesha hizo ndizo zinaanikwa, Mpemba yeyote ataliona kosa kabla hujamaliza kubonyeza.

Tendo ni moja tu: anamwaga konzi moja na kuitandaza kwa kiganja. Mwanzo niliandika achambue makonyo, amwage, atandaze, ainuke, acheke. Mikono ikawa inayeyuka, kidole kinaingia kwenye jamvi na kutokea kwengine. Nikaenda uani, nikatandika jamvi la mama yangu, nikachukua konzi ya mchele na kufanya tendo lenyewe huku nikihesabu. Kumwaga na kutandaza kulichukua sekunde saba. Kuchambua makonyo peke yake kulipita nusu dakika, nami nilikuwa naiomba programu ivibane vyote ndani ya sekunde nane. Tangu hapo kila tendo nalifanya kwanza kwa mikono yangu.

Hapo ndipo muda unapoingia, ingawa unaandikwa mwisho. Urefu wa klipu kwa kawaida unauchagua kwenye mipangilio ya programu. Programu ya Veo 3 ilitoka ikitoa klipu za sekunde 8, na ile ya Runway Gen-3 ilikuwa na sekunde 5 au 10. Ukiandika dakika moja kwenye prompti hutapata dakika moja. Sentensi ile ya mwisho kwangu ina kazi mbili: inaiambia programu hii ni picha moja isiyokatwa, na inanirudisha mimi juu kuangalia kama tendo langu linatosha ndani yake.

Kamera, mwendo mmoja au usiwepo kabisa. Kwenye karafuu niliituliza, kwa sababu punje ndogo nyingi zikitembezewa kamera huanza kutiririka kama maji. Ukitaka kujua klipu imeharibika, usiutazame uso wa mtu. Ipunguze kasi, tazama vidole, kisha pembe za jamvi: ukili ukibadilika mistari kutoka mwanzo hadi mwisho, hiyo usiipeleke kwa mteja. Nami sikukaribia mikono sana. Picha ya vidole peke yake vilivyojaa karafuu nimeijaribu mara nyingi na sijaipata safi.

Mwanga uwe na saa na upande. "Mwanga mzuri" hausemi kitu. Jua la saa mbili kutoka kushoto linaipa kila karafuu kivuli chake, na jamvi linaonekana limesukwa. Lakini andika saa ya kizungu, ndugu yangu, nakuomba.

Mtindo ni maneno machache tu. Neno `cinematic` kila mtu analitia, na kwangu lilikuwa linaifunika Pemba yote kwa rangi ya dhahabu, hata kanga nyekundu ikawa ya machungwa. Nilipoandika `Documentary style`, wekundu ukarudi.

Na unaporekebisha, badilisha sentensi moja, uziache tano zilizobaki kama zilivyo. Itoe mara mbili kabla hujahukumu, maana prompti ileile haitoi klipu ileile. Watu wa kwetu tuna haraka, tunataka kuonesha kwenye simu jioni ileile. Mnawapelekea wateja vitu ambavyo nyinyi wenyewe hamjavitazama. Acheni. Yule mama alinirudisha mara mbili, na mara ya tatu alikaa kimya, akaisogeza simu karibu na macho, akasema, "Hapa ndipo kwetu."

Sasa wewe kijana wa Wete. Ulichoniletea ni klipu nne. Ngalawa kuondoka ni moja, ami na wavu ni ya pili, samaki ya tatu, jua kuzama na kamera kupaa ni ya nne, na utaziunganisha mwenyewe baadaye. Anza na wavu, kwani ndio mgumu. Nenda pwani, mwombe ami yako aurushe mara moja, uhesabu sekunde tangu anapojipinda hadi wavu unapogusa maji. Ngalawa ieleze kwa matengo yake mawili ubavuni, tanga na rangi ya mbao, usiiite mashua tu ukaletewa boti ya watalii. Kisha nitumie sentensi mbili za mwanzo, mhusika na tendo. Kamera tutaizungumza zikishakaa sawa hizo.