Kabla hujampa bosi tarehe, uliza namba tatu

Hii nimeijifunza kwa kuumia. Tulipewa kazi ya kuhamisha rekodi za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya, bosi akauliza siku ngapi, nikawapitia wenzangu mmoja mmoja, "we kazi yako siku ngapi?", nikajumlisha ikaja 15, nikapeleka 15. Tukamaliza siku ya 26, na mteja alishawatangazia watu wake ile tarehe ya kwanza. Nilivyokaa kupitia upya sikuona aliyezembea wala aliyedanganya, kila mtu alitaja siku ambazo kazi kama ile huwa inachukua mara nyingi.

Sasa hapo ndo kwenye shida. Kazi usiyoijua vizuri haina usawa kati ya kuwahi na kuchelewa. Taski ya siku 5 ukiiwahi sana utaimaliza kwa siku 3, chini ya hapo haiendi hata ukeshe, ila kuchelewa inaweza kwenda mpaka siku 20 na zaidi. Ukijumlisha namba za "mara nyingi" peke yake ule upande wa kuchelewa wote umeuacha nje ya hesabu, halafu unarudi kwako kazi ikishaanza.

PERT, njia ya kukadiria muda wa mradi, inaurudisha ndani. Ilitengenezwa 1958 kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani, yaani watu wanafanya kazi ambayo haijawahi kufanyika, hakuna kumbukumbu ya mwaka jana ya kuangalizia. Badala ya namba moja unaomba tatu kwa kila taski: O ni siku mambo yote yakienda vizuri, M ni siku zinazoelekea zaidi, P ni siku mambo yakiharibika. Halafu:

```
E  = (O + 4M + P) / 6
SD = (P - O) / 6
```

E ndo siku za kuweka kwenye mpango, SD ni mtawanyiko, yaani hiyo E inaweza kuyumba kiasi gani. M inapewa uzito mara nne ila P nayo ina sauti, ikiwa mbali inaivuta E kuelekea kwake.

Mwaka uliofuata ikaja kazi ya namna ileile, mfumo mwingine, nikaomba namba tatu. Zikatoka hivi (kwa siku):

```
Taski               O   M   P    E   SD
Kuelewa data        2   3  10    4   1.33
Kuandika skripti    4   6  14    7   1.67
Kusafisha rekodi    3   5  25    8   3.67
Majaribio           2   3   4    3   0.33
```

Jumla ya M ni 17, kwa mtindo wangu wa zamani ndo ningepeleka hiyo. Jumla ya E ni 22. Siku 5 za tofauti sio za kujihami, ni ule upande wa kuchelewa umehesabiwa.

Mtawanyiko wa mradi mzima haupatikani kwa kujumlisha zile SD, hapa wengi wanateleza. Taski zikiwa hazitegemeani, moja ikichelewa nyingine inaweza ikawahi zikafidiana, kwa hiyo unazidisha kila SD kwa yenyewe, unajumlisha, halafu unatafuta kipeuo cha pili. 1.78 + 2.78 + 13.44 + 0.11 ni 18.11, kipeuo chake kama 4.26. Kwa hiyo 22 ni katikati tu, ukiahidi 22 ni kama kurusha shilingi. Ukiongeza SD moja unafika siku 26, hapo una nafasi kama 84 kwa 100 ya kumaliza ndani ya muda, na ukitaka 95 kwa 100 unaongeza SD mara 1.645, unafika 29. Ni makadirio ya jumla lakini, maana taski nne ni chache na moja imezimeza zingine.

Na hiyo moja ndo iliyonifanya niipende hii njia. Angalia tena zile namba, kati ya 18.11, kusafisha rekodi peke yake ni 13.44, karibu robo tatu ya wasiwasi wote wa mradi umekaa kwenye mstari mmoja. Nikamfuata dada aliyepewa ile taski nikamuuliza 25 imetoka wapi. Akaniambia, "Kaka, sijui majina yaliyojirudia ni mangapi, yakiwa mengi itabidi niyapitie kwa macho moja moja." Tukatenga siku 1, akachomoa rekodi 300 bila kuchagua akazipitia. Zilizojirudia zilikuwepo ila nyingi zina namba ya simu ileile, skripti inazikamata yenyewe. P yake ikashuka kutoka 25 mpaka 13, E ikawa 6, SD 1.67. Mradi mzima ukawa siku 21 tukihesabu na ile siku ya kuchunguza, mtawanyiko ukashuka mpaka 2.73, na ile ahadi ya 95 kwa 100 ikatoka 29 ikaja kama 25 na nusu. Siku moja ya kuangalia imetupunguzia zaidi ya tatu kwenye ahadi!

Kinachoiharibu PERT mara nyingi ni P ya uongo. Mtu anakupa M halafu anapunguza kidogo anakuandikia O, anaongeza kidogo anakuandikia P, 4, 5, 6. Weka kwenye fomula uone, inakurudishia 5 ileile, umepiga hesabu bure. Ukiona P imekaa umbali uleule na O kutoka kwenye M kwenye kila mstari jua hakuna aliyewaza. Mi siku hizi naanza na P kabla ya M, na siulizi "mbaya kabisa siku ngapi", nauliza "kitu gani kikitokea hii kazi itakutesa, na kikitokea itachukua siku ngapi?" Sababu naiandika pembeni ya namba. P isiyo na sababu nairudisha. Na P sio ofisi kuungua moto, ni ule ubaya ambao ukirudia kazi mara 100 ungekukuta mara moja hivi.

La pili ni kule kufidiana nilikosema. Kama mtu mmoja ndo anafanya taski zote nne na akaugua, zote zinachelewa pamoja, hakuna inayomfidia mwenzie. Hapo mtawanyiko halisi unasogea kuelekea jumla ya SD zenyewe, ambayo kwenye jedwali la kwanza ni 7, sio 4.26. Na kama una njia mbili zinaenda sambamba halafu zinakutana sehemu moja, kukutana kunasubiri ya mwisho kufika, kwa hiyo ukihesabu njia ndefu peke yake utapata tarehe ya mapema kuliko ukweli. Fomula haikuonyeshi hilo, inabidi ulione mwenyewe kwenye mchoro wa kazi.

Kwa bosi nilipeleka namba mbili, 21 ya kupangia kazi ndani na 26 ya kumwambia mteja, pamoja na ule mstari wa kusafisha rekodi ili aone wasiwasi umekaa wapi. Tulimaliza siku ya 23. Zile 2 za ziada zilitoka kwenye kuelewa data, mfumo wa zamani ulikuwa unahifadhi tarehe kwa namna mbili tofauti, na pembeni ya ile P ya 10 sababu iliyoandikwa ilikuwa "muundo wa tarehe haujulikani".