Usisaini mkataba wa mihogo ya ethanoli kabla hujagawanya kwa saba

*"Wakuu, kuna mwekezaji anakuja wilayani kwetu kujenga kiwanda cha ethanoli. Anatoa mbegu ya muhogo bure, mkataba miaka 5, bei imeandikwa kabisa. Nina ekari 60 nataka kuingia zote. Mnashauri muhogo, mtama au miwa? Na je, ni kweli inapunguza hewa chafu? Nchi kama yetu ikiamua kuchanganya asilimia 10 kwenye petroli, chakula hakitapanda bei?"*

Mkuu, acha kwanza. Weka hiyo kalamu chini. Ekari 60 ZOTE? Nimesoma hapo nikahisi tumbo linauma kabisa.

Mimi niliingia na ekari 40, Handeni, msimu wa 2014 kuelekea 2015. Mbegu nilipewa bure kama wewe, na bei iliandikwa kama yako: shilingi 80 kwa kilo, ikifika getini. Hilo neno "getini" lisome mara mbili, kwa sababu mimi sikulisoma hata mara moja. Alikuja bwana mmoja, fulana ya kola, kompyuta mpakato, akatandika shuka jeupe ukutani shuleni akatuonyesha picha za Brazili. Magari yanatembea kwa ethanoli tangu miaka ya 70, wakulima wana nyumba za vigae. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga sana, nilikuwa mstari wa mbele.

Ambacho yule bwana hakusema ni kwamba Brazili wanatumia miwa. Muwa ukishakamuliwa unabaki na makapi, na hayo makapi ndiyo kuni ya kiwanda: yanachemsha boila, yanaendesha mtambo, na umeme mwingine wanauza. Muhogo hauna makapi ya namna hiyo. Wanga wake lazima uupike uwe uji, uweke vimeng'enya ugeuke sukari, uchachushe, halafu uchemshe tena kutenga pombe na maji, na moto wa kazi yote hiyo unanunuliwa. Kwa hiyo kiwanda cha muhogo kinaanza mbio kikiwa na jiwe mgongoni, na mtu wa kwanza kubebeshwa hilo jiwe ni mkulima. Kama ningelijua hili siku ile pale shuleni ningekaa na mikono yangu mfukoni.

Sasa kosa lenyewe. Mbegu ya bure ilikuwa muhogo mchungu, wenye wanga mwingi. Tuliambiwa ni jambo zuri kabisa, kwamba "hatugusi chakula cha wananchi, huu hauliwi". Yaani ule mjadala wa chakula na mafuta unaouuliza, wao waliumaliza kwa sentensi moja. Nikang'oa muhogo wangu mtamu wa Kiroba, nikaacha mahindi na kunde, nikajaza mchungu. Mama yangu akaja shambani, akatembea mpaka mwisho wa mistari, akarudi akaniuliza, "Mwanangu, sasa hivi vyote tunakula lini?" Nikamwambia mama, hii ni biashara.

Kiwanda kilitakiwa kuanza katikati ya 2016. Kikachelewa. Boila haijafika, mara fundi hajafika, mara kibali. Muhogo ardhini unavumilia, sikatai, ila haukai umelala tu. Zikanyesha mvua kidogo mwezi wa kumi, mashina yakachipua majani mapya, na yale majani yanakula wanga uliohifadhiwa kwenye mizizi. Hiyo nilikuja kuijua getini.

Getini wanafanya hivi: wanachota kilo 5 za mihogo yako, wanaipima hewani, halafu wanaizamisha kwenye pipa la maji na kuipima tena. Muhogo wenye wanga mwingi ni mzito zaidi ndani ya maji, na kutoka hapo wanasoma asilimia kwenye jedwali. Mkataba wangu ulikuwa umejengwa kwenye asilimia 25. Wangu ukasoma 19. Bei ikashuka kwa uwiano uleule, kutoka 80 mpaka 61. Kijana wa mizani hakuwa na kosa lolote, alikuwa mpole hata, akanionyesha karatasi: kipengele kipo, ukurasa wa nne, sahihi yangu chini yake.

Na hapo ndipo nilipofika mbele ya foleni. Kabla ya hapo nilikaa siku tatu. Kiwanda kilikuwa kinapokea kidogo kuliko malori yaliyokuja, na kile kipengele cha "kiwanda kitapokea kulingana na uwezo wake" ndiyo kazi yake hiyo. Muhogo mbichi ukichimbwa una siku mbili, tatu ukibahatika. Siku ya tatu nilivunja mmoja mkononi: ndani, kuzunguka moyo, mistari ya rangi ya bluu inayokaribia nyeusi, kama mtu amechora kwa wino wa kalamu, na harufu ya uchachu. Ulikuwa umeanza kujigeuza pombe wenyewe bila kiwanda.

Hesabu ya lori hilo moja ni hii. Nilipakia tani 8. Walikataa tani 2 zilizooza. Tani 6 kwa shilingi 61 ni 366,000. Nauli ya Fuso 320,000, na kumsubirisha dereva 100,000. Kwa hiyo nimelipa shilingi 54,000 kwa heshima ya kuipeleka mihogo yangu ikaozee mbali na nyumbani. Wachimbaji na wabebaji sijawaweka. Niliita lori la pili? Niliita. Usinicheke, nilikuwa na mkopo.

Baada ya hapo ndiyo ukaja ukame. Mvua za vuli za mwisho wa 2016 ziligoma, na mwanzoni mwa 2017 unga ulipanda kila mahali. Jirani yangu aliyebaki na ekari 3 za Kiroba alifuatwa shambani na wachuuzi, wanachimba wenyewe, wanalipa 200 kwa kilo, taslimu. Kiwandani wakati huo wakawa hawapati mihogo, kwa sababu kila mwenye muhogo mtamu aliukimbizia sokoni, mkataba au si mkataba. Mimi mwenye mchungu sikuweza kwenda huko. Ule lazima uumenye, uuvundike siku kadhaa, uuanike uwe makopa ndipo uwe salama, na maji ya kuvundikia tani za muhogo Handeni mwaka wa ukame utayatoa wapi? Mwezi wa pili kiwanda kikazima mtambo. Nikabaki na msitu wa kitu ambacho kiwanda hakinunui na watu hawali.

Ndiyo maana nakwambia ugawanye kwa saba. Lita moja ya ethanoli inakula kilo 6 na nusu hadi 7 za muhogo mbichi wenye wanga asilimia 25. Ukiwa kama wangu wa 19, inakaribia kilo 9. Halafu lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Tuseme petroli kabla ya kodi ni shilingi 1,500. Basi ethanoli inastahili kama 1,000. Toa gharama za kuni, vimeng'enya, mishahara na riba ya mtambo, tuseme 350. Inabaki 650. Gawanya kwa saba: 93 kwa kilo, getini. Toa nauli 40, shambani kwako ni 53. Weka namba za kwako, usichukue zangu, ila kanuni ni hiyohiyo. Hiyo ndiyo bei ambayo kiwanda hakiwezi kuivuka hata kikiongozwa na malaika, labda mafuta duniani yapande.

Kisha nenda gulioni, uliza wazee bei ya muhogo MWAKA WA NJAA, si mwaka huu. Kama bei ya njaa inaipita hiyo ya kiwanda, na mara nyingi itaipita mbali, basi kiwanda chako kina uhai wa miaka ya neema tu. Msumbiji walijaribu hili: kiwanda cha ethanoli ya muhogo kilifunguliwa Dondo, karibu na Beira, 2012, ethanoli yenyewe ya kuwashia majiko mijini. Hakikudumu.

Na hapa nimejikuta nakujibu lile swali lako la nchi bila kukusudia. Kwa bei ya kawaida, mafuta hayana ubavu wa kumnyang'anya mtu muhogo wake. Yanaupata pale serikali inaposema kwa sheria kwamba asilimia 10 lazima ichanganywe, potelea mbali bei. Hapo mchanganyaji ananunua kwa bei yoyote kwa sababu gharama anamsukumia mwenye gari, na anayeshindwa mnada ni mama wa makopa. Afrika Kusini walipotoa mkakati wao wa mafuta ya mimea 2007 waliyaondoa mahindi kwenye orodha ya mazao kwa hofu hiyohiyo. Malawi wanachanganya tangu 1982, lakini wao wanatumia molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Kilo 4 hivi kwa lita moja, tayari iko kiwandani, hailali kwenye Fuso siku tatu, na hakuna aliyeikosa mezani. Shida yake ni kwamba ni kidogo: tani ya miwa inakuachia molasi ya lita kama 10 tu za ethanoli. Kwa hiyo ukubwa wa kiwanda unaamuliwa na sukari mnayotengeneza. Nadhani ndiyo breki nzuri, ila mtu wa kola hawezi kuja na picha ya breki.

"Hauliwi kwa hiyo haugusi chakula" ni uongo ulionigharimu ekari 40. Ardhi ilikuwa ileile, mikono ileile, mvua ileile. Panda kitu ambacho kiwanda kikikataa leo, kesho unakula au unauza sokoni. Ukiingia, ingia na ekari 10, Kiroba au mtamu mwingine unaouzika kwenu, na bei iandikwe shambani, si getini. Wakikataa hilo la shambani basi umeshajua nauli na foleni ni za nani.

Uliuliza na mtama, na hewa chafu pia. Hayo sijui nimeyaacha wapi, wengine watakujibu. Wewe piga picha ukurasa wenye neno "kupokea" kwenye huo mkataba uuweke hapa leo, ufiche majina.