Kamati, Fundi wa Seva na Msanidi Mpya: Kila Mmoja na Mchoro Wake

Kabla ya kuchora mfumo wowote wa kompyuta, mimi hujiuliza kwanza mtazamaji wa mchoro huo anatakiwa kuamua nini baada ya kuutazama. Jibu la swali hilo ndilo linaloniambia nichore kwa kiwango gani. Ninaufuata mtindo wa C4 uliobuniwa na Simon Brown, ambao una ngazi nne: muktadha, kontena, vijenzi na msimbo. Ngazi ya nne siichori kamwe, kwa kuwa programu za kuandikia msimbo huweza kuitoa zenyewe inapohitajika. Zile tatu za kwanza nitazieleza kwa kutumia mfumo mmoja, wa chama cha ushirika cha maziwa katika kaunti ya Nakuru, ambao hupokea kilo za maziwa kutoka vituo vya kukusanyia na kuwalipa wakulima kila mwisho wa mwezi kwa M-Pesa.

Kamati ya usimamizi ya chama ilihitaji kuidhinisha mfumo huo, kwa hiyo niliipelekea mchoro wa muktadha. Katika ngazi hii mfumo wote ni kisanduku kimoja tu katikati. Pembeni mwake wapo watu wanaohusika nao, yaani mkulima, karani wa kituo na mhasibu, pamoja na mifumo ya nje ambayo chama hakiimiliki: M-Pesa, benki, na kampuni inayotuma ujumbe mfupi kwa wakulima. Hakuna neno lolote kuhusu hifadhidata wala lugha ya programu. Kinachobeba uzito ni mishale, na kila mshale lazima uandikwe kitu kinachopita na uelekee upande mmoja. Mshale ulioandikwa "hutumia" haumwambii mtu chochote. Ulioandikwa "hutuma jina, nambari ya simu na kiasi cha malipo" unamwonyesha mwanakamati mahali ambapo taarifa za mkulima zinatoka mikononi mwa chama, jambo ambalo chama kinawajibika kwalo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Mzee mmoja wa kamati aliufuata mchoro kwa kidole, akasimama kwenye kisanduku cha mkulima na kuniuliza, "Kijana, naona ujumbe ukienda kwa mkulima. Mshale wa kutoka kwake uko wapi? Akiona kilo zimeandikwa vibaya, atamwambia nani?" Mshale huo haukuwepo kwa sababu njia yenyewe haikuwepo katika mfumo. Karani ndiye aliyeingiza kilo, na mkulima alipokea taarifa tu. Kamati iliamua papo hapo kwamba malalamiko yapokewe na mhasibu, naye apewe uwezo wa kusahihisha rekodi kwa kuandika sababu. Ningempelekea mzee huyo mchoro wenye seva na hifadhidata, naamini swali lake lingezama humo.

Fundi wa seva, kwa upande wake, hawezi kufanya kazi kwa mchoro wa muktadha. Yeye anatakiwa kujua ni vitu gani lazima viwe vinaendeshwa ili mfumo ufanye kazi, data inakaa wapi, na nani anamwita nani kupitia mtandao. Hiyo ndiyo ngazi ya kontena. Kontena hapa ni programu inayoendeshwa peke yake au hifadhi ya data, iwe imefungwa kwa zana ya Docker au la. Katika mfumo wetu zilikuwa programu ya simu ya karani, hifadhi ya SQLite iliyo ndani ya simu hiyo, tovuti ya ofisi, seva kuu, hifadhidata ya PostgreSQL na huduma ya malipo. Hifadhi ya simu niliipa kisanduku chake kwa makusudi: mtandao vituoni hukatika, na fundi anapaswa kujua kwamba kilo za asubuhi zinaweza kuwa bado zimo ndani ya simu wakati anapochukua nakala ya hifadhidata kuu.

Mshale uliostahili uangalifu kuliko mingine yote ulikuwa kati ya huduma ya malipo na Daraja, ambao ni mlango wa M-Pesa kwa wasanidi programu. Ukituma ombi la kumlipa mkulima, jibu la papo hapo linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe huja baadaye, Daraja ikiyapeleka kwenye anwani uliyoitaja kama `ResultURL`. Kwenye mchoro wa muktadha ulitosha mshale mmoja wa kwenda, ulioandikwa "hutuma nambari ya simu na kiasi cha malipo". Kwenye mchoro wa kontena lazima kuwe na mishale miwili, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Ukiuacha wa kurudi, fundi makini ataifunga milango yote ya huduma hiyo inayoingia kutoka nje, kwa kuwa mchoro haumwonyeshi sababu ya kuiacha wazi. Fedha zitawafikia wakulima, lakini mfumo utaendelea kuonyesha malipo yakisubiri, na mhasibu akibonyeza tena kuna hatari ya mkulima kulipwa mara mbili. Ukikuta malipo mengi yanasubiri ilhali salio la akaunti ya chama limepungua, anza kwa kuikagua njia hiyo ya kurudi.

Vijenzi ni sehemu za ndani ya kontena moja, na anayezihitaji ni msanidi atakayeugusa msimbo. Nilivichora kwa huduma ya malipo peke yake, kwa sababu humo ndimo yanamopigwa hesabu makato ya chakula cha mifugo na ya mikopo, na kanuni zake hubadilika kila kamati inapoamua. Msanidi mpya aliona kikokotoo cha makato, kiandaa orodha ya malipo, kiunganishi cha Daraja na kipokea matokeo, akajua mara moja kwamba kubadilisha kiwango cha makato hakumlazimu kukigusa kiunganishi. Kontena nyingine sikuzichorea vijenzi, nami sioni haja ya kufanya hivyo, kwani michoro ya ngazi hii huchakaa haraka. Dalili yake ni jina lililo kwenye kisanduku ambalo ukilitafuta katika msimbo hulioni.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuchanganya ngazi, kwa mfano kuweka kikokotoo cha makato kando ya PostgreSQL kana kwamba vyote viwili ni vitu vya aina moja. Jiulize kama kitu hicho ni hifadhi ya data au kinaweza kuzimwa na kuwashwa peke yake. Kama sivyo, ni kijenzi, na mahali pake ni ndani ya kontena.

Ili michoro isipingane, ninaandika maelezo ya mfumo mara moja kwa programu ya Structurizr, kisha ninatoa mionekano tofauti kutoka humo:

```
views {
  systemContext mfumo {
    include *
    autolayout lr
  }
  container mfumo {
    include *
    autolayout lr
  }
}
```

Mshale ulioandikwa kutoka huduma ya malipo kwenda M-Pesa huonekana wenyewe kwenye mchoro wa muktadha, ukitoka kwenye kisanduku cha mfumo mzima. Hata hivyo, maandishi yake huja vilevile yalivyo, kwa hiyo nikiona ni ya kiufundi mno kwa kamati, ninaandika uhusiano wa ngazi ya juu kwa maneno yao.

Mkutano ukiwa na wanakamati na mafundi pamoja, ninaanza na muktadha na kusubiri hadi maamuzi ya kamati yaishe. Mchoro wa kontena ninautoa pale tu swali linapohusu kilicho ndani ya kisanduku cha katikati, na mara nyingi swali la kwanza la aina hiyo hutoka kwa mhasibu, anayetaka kujua malipo yaliyokwama yanaonekana wapi.