Kabla ya kugawa ekari kati ya mahindi, maharage na muhogo

Wewe unayeanza kupanga mazao kwa hesabu, ushike kwanza kipimo cha kila namba. Mimi nilichelewa kujifunza hilo, na makosa yangu mawili yalinionyesha sababu.

Shamba lilikuwa hekta 2. Siku za kazi 170, fedha ya mbegu shilingi 15,000. Mahitaji ya mazao, lakini, yaliandikwa kwa ekari: mahindi siku 30, muhogo siku 50, na maharage saa 240. Mbegu za mahindi zilihesabiwa kwa mifuko ya kilo 2, maharage kwa kilo, muhogo kwa mafungu ya pingili 50. Faida kwa ekari: mahindi 24,000, maharage 30,000, muhogo 34,000. Nilitafuta mgao wa ekari wenye faida kubwa kuliko yote.

Kosa la kwanza, niliandika ardhi kuwa 2. Jibu likatoka muhogo mtupu ekari 2, huku siku 70 na shilingi 11,000 zikibaki bila kazi. Masalio makubwa namna hiyo yakuambie kwamba ardhi imebanwa kuliko ilivyo. Hekta 2 ni ekari 4.94.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Nikaiacha 240 ya maharage kama ilivyo, kana kwamba ni siku. Maharage yakatoweka kabisa, na faida ikashuka kwa chini ya shilingi 1,000 tu, kwa hiyo ukitazama faida peke yake hutashtuka. Zao linapotoka sifuri, rudi kwenye mstari wake uulize: kipimo ni kipi? Siku ya kazi ilikuwa saa 6, basi 240 ÷ 6 ni siku 40.

Mbegu nazo zigeuze zote kuwa shilingi kwa ekari. Muhogo wa nafasi ya mita 1 kwa 1 huhitaji pingili 4,000 hivi, yaani mafungu 80. Kwa shilingi 25 kila fungu, ni 2,000. Mahindi yalitoka 3,000, maharage 4,000. Sasa, x ikiwa ekari za mahindi, y za maharage, z za muhogo, vikomo ni hivi:

```
x + y + z <= 4.94
30x + 40y + 50z <= 170
3000x + 4000y + 2000z <= 15000
```

Jibu ni mahindi ekari 3.427, maharage 0.847, muhogo 0.667, faida kama 130,300. Vikomo vyote vitatu vimefika mwisho, kwa hiyo ukikadiria, shuka: 3.42, 0.84 na 0.66. Ukipandisha hadi 3.43, 0.85 na 0.67 utavuka ardhi, siku na fedha ya mbegu pia.

Jambo moja hesabu hii haikulibeba: muhogo hukaa shambani mara nyingi mwaka mzima au zaidi, maharage miezi mitatu hivi. Ukipanga kwa mwaka wenye misimu miwili, andika mstari wa ardhi wa kila msimu, na muhogo uingie katika yote miwili.