Toleo la Pili: Kipi Kiguswe, Kipi Kiachwe

Kitabu changu kimeisha madukani. Nimesahihisha makosa ya chapa kumi na manne. Je, niandike "Toleo la Pili" kwenye jalada?

Hapana, hiyo ni chapa ya pili. Yaliyomo ni yale yale, na ISBN inabaki ile ile. Toleo jipya ni pale maudhui yenyewe yanapobadilika, kiasi kwamba hata mwenye nakala ya zamani ana sababu ya kununua mpya. Hapo unaomba ISBN nyingine, kwa kuwa muuza vitabu na mkutubi hutofautisha matoleo kwa namba hiyo.

Niliandika kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2015, nchi zikiwa tano. Sasa ni nane. Inatosha kuongeza sura moja mwishoni?

Haitoshi, kwa sababu sura hiyo itapingana na zilizotangulia. Lakini usikimbilie pia kufuta "tano" na kuweka "nane" kila mahali. Sentensi isemayo kwamba soko la pamoja lilianza kutumika mwaka 2010 katika nchi tano ni ya kweli na iachwe. Sudan Kusini ilijiunga 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Kinachobadilika ni sentensi inayoeleza hali ya leo.

Kazi ngumu ni kuwinda namba zilizozaliwa na ile tano bila kuitaja. Kila nchi ina nafasi tisa za wabunge wa kuchaguliwa katika Bunge la Jumuiya, kwa hiyo kama uliandika 45, sasa ni 72. Ramani nayo ichorwe upya: Jumuiya sasa inafika hadi Atlantiki.

Kisha tafuta "mwaka jana", "hivi karibuni" na "kwa sasa". Nimewahi kuhariri toleo ambalo takwimu zote zilikuwa mpya, ila "mwaka jana" moja ya miaka tisa nyuma ilibaki. Mahali pake weka mwaka wenyewe.

Mfanyabiashara niliyemhoji Namanga mwaka 2014 alilalamikia utaratibu ambao umeshabadilika. Nimwondoe?

Mwache, na usimguse hata neno. Taja ndani ya sentensi kwamba alisema hayo 2014, kisha chini ya ukurasa weka tanbihi fupi inayoanza na "Tanbihi ya toleo la pili" na kueleza kilichobadilika. Ushahidi wake ni wa wakati ule, na thamani yake iko hapo hapo.

Kila nilipobadilisha niweke nyota?

Nyota zitamchosha anayekisoma kitabu kwa mara ya kwanza. Andika dibaji mpya, itangulie ile ya zamani, na useme wazi: sura ya tatu imeandikwa upya, majedwali ya sura ya tano yana takwimu mpya, sura ya kwanza haikuguswa. Kosa la ukweli lililokuwa toleo la kwanza litaje kwa ukurasa wake, maana kuna mwanafunzi aliyeshalinukuu. Faharasa na kila "tazama uk." viachwe hadi kurasa zitakapokuwa zimetulia.